Fomu ikigundua kosa, isifute alichoandika mkazi

Chukua mfano wa fomu ya kuomba basari ya shule ya upili. Ina jina la mwanafunzi, tarehe ya kuzaliwa, shule, kaunti ndogo, wadi, jina la mzazi au mlezi, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu. Karibu na mwisho pana kisanduku kikubwa kilichoandikwa: Eleza hali ya familia. Chini yake kuna sehemu ya kupakia picha 3, yaani kitambulisho cha mzazi, cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi na barua ya shule.

Shangazi anayemlea mpwa wake amefika saiba saa kumi jioni, siku ya mwisho ya kupokea maombi. Si mwepesi wa kuchapa, lakini ana subira. Akifika kwenye hali ya familia anaandika aya 3: dadake alifariki lini, nani alibaki na watoto, shamba linatoa nini, karo ya muhula uliopita ililipwa kwa kuuza nini. Kisha anabonyeza Tuma. Ukurasa unapepesa na fomu inarudi ikiwa tupu. Juu kabisa kuna mstari mwekundu: Kuna kosa. Jaza nafasi zote.

“Imekataa, mama,” kijana wa saiba anamwambia. “Itabidi uanze tena.”

Anaanza tena. Mara hii zile aya 3 zinakuwa mistari miwili, kwa sababu saiba inakaribia kufungwa na vidole vimechoka. Kamati itakayosoma maombi hayo itaona mistari miwili tu. Haitajua kwamba kulikuwa na aya 3, wala kwamba hazikufutwa na mwombaji bali na fomu.

Somo hili ni la vijana wanaojifunza kutengeneza tovuti katika vyuo vya ufundi vya kaunti, na pia la walimu wakuu, viongozi wa vyama vya akiba na wenye biashara wanaolipa ili watengenezewe fomu kama hizo. Anayelipia kazi anafaa kujua jinsi ya kuikagua.

Kwa nini maandishi yanapotea

Mtu akibonyeza Tuma, kivinjari kinakusanya kila alichoandika na kukipeleka kwa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Seva inakagua. Ikikuta kosa, kwa kawaida haiurudishi ule ukurasa wa kwanza, bali inaandika ukurasa mpya kuanzia juu hadi chini na kuutuma. Ukurasa huo haujui lolote kuhusu yale yaliyokuwa kwenye visanduku, isipokuwa seva iyaandike humo yenyewe. Fomu inarudi tupu, basi, si kwa sababu kuna kitu kimeharibika, bali kwa sababu mtengenezaji hakuiagiza seva irudishe alichopokea. Maandishi yote yalifika salama, yakasomwa, yakatupwa.

Dawa yake kwa kila kisanduku ni mstari mmoja. Kwa lugha ya PHP, ambayo tovuti nyingi ndogo hutumia, unaandikwa hivi:

```php
<input name="jina" value="<?= htmlspecialchars($_POST['jina'] ?? '', ENT_QUOTES) ?>">
```

Sehemu ya `$_POST['jina']` ni kile mwombaji alichotuma. Zile alama za `?? ''` zinasema kwamba kama hajatuma kitu bado, kisanduku kiwe tupu. Kisanduku kikubwa cha maelezo ni `textarea`, ambacho hakina `value`. Maandishi yake hurudishwa kati ya alama ya kufungua na ya kufunga. Wanafunzi wengi husahau tofauti hiyo, na hivyo fomu hurudi na visanduku vyote vidogo vikiwa vimejaa huku aya 3 za hali ya familia zimetoweka.

Neno `htmlspecialchars` halipo hapo kwa mapambo. Mpwa wa shangazi yule anaitwa Ng’endo. Tuseme fundi aliandika `value` kwa alama moja ya nukuu, kisha akarudisha jina bila kulikinga. Kivinjari kitapokea hiki:

```html
<input name='jina' value='Ng'endo'>
```

Kivinjari kinasoma thamani hadi alama ya nukuu inayofuata, na alama hiyo iko katikati ya jina. Kisanduku kitaonyesha Ng, basi. Mwombaji asipotazama vizuri atatuma tena, na basari itaandikwa kwa jina la Ng. `ENT_QUOTES` inageuza alama hiyo kuwa msimbo ambao kivinjari hukionyesha kama herufi ya kawaida. Kuanzia PHP 8.1 kinga hiyo huwepo hata bila kuandikwa, lakini kwenye matoleo ya zamani ni lazima uiandike. Kinga hiyo hiyo inamzuia mtu mwenye nia mbaya kuandika msimbo kwenye kisanduku cha jina ili ukurasa uutekeleze.

Kabla ya kuliacha jina hilo, ziko fomu zinazokataa alama ya Ng’ kabisa kwa madai kwamba jina ni herufi tupu. Katika nchi yenye akina Ng’ang’a, Nyang’au na Ong’ondo, kanuni kama hiyo haina msingi. Tena baadhi ya simu huandika alama hiyo ikiwa imepinda, wakati kibodi ya saiba huiandika ikiwa imenyooka. Fomu ipokee zote mbili.

Picha inayofuta fomu nzima

Tuseme fundi ameyafanya hayo yote, lakini shangazi bado anarudishiwa fomu tupu na kuambiwa ajaze nafasi zote, ilhali alizijaza. Dalili hii, ya fomu kudai kwamba kila kisanduku kilikuwa kitupu, inafaa kujulikana kwa sababu mara nyingi chanzo chake si visanduku bali ni picha.

PHP ina kikomo cha mzigo mzima wa fomu moja. Kinaitwa `post_max_size`, na kisipobadilishwa ni megabaiti 8. Pia kuna kikomo cha kila faili, `upload_max_filesize`, ambacho ni megabaiti 2. Faili moja ikivuka kikomo chake, faili hiyo pekee ndiyo inayokataliwa, na maandishi yanafika salama. Mzigo mzima ukivuka megabaiti 8, mambo huwa mengine: PHP huacha kila kitu, maandishi pamoja na picha, na programu ya fomu hukabidhiwa orodha tupu. Programu inakagua orodha hiyo, haioni jina wala simu, kisha kwa unyofu kabisa inamwambia mwombaji kwamba hakujaza kitu.

Picha 3 zilizopigwa kwa simu, kila moja ikiwa na megabaiti 3 au 4, zinatosha kuleta hali hiyo. Fundi aliyejaribu fomu ofisini kwa picha ndogo hatawahi kuiona. Ataelezwa kwamba watu hawajazi fomu vizuri, na ataamini.

Marekebisho ni mawili na yanafaa kwenda pamoja. Kwanza, vikomo vipandishwe hadi kiasi kinacholingana na picha za simu za kawaida. Pili, ukubwa wa picha ukaguliwe na kivinjari mara tu picha inapochaguliwa, kabla ya kutuma chochote, na ujumbe utokee hapo hapo kando ya picha husika: Picha hii ya kitambulisho ina megabaiti 11. Kikomo ni megabaiti 5. Ipige tena kwa ubora wa chini.

Picha zina tatizo jingine. Hata fomu nzuri haiwezi kurudisha picha kwenye kisanduku chake. Vivinjari vimekataza ukurasa kujaza kisanduku cha faili, na vina sababu: kama ingeruhusiwa, tovuti yoyote ingeweza kuandika humo njia ya faili lililo kwenye kompyuta yako na kulichukua bila wewe kujua. Kwa hiyo, kosa la simu likirudisha fomu, visanduku vya picha vitakuwa vitupu daima. Njia sahihi ni seva kuihifadhi picha kwa muda mara inapofika, na ukurasa unaorudi useme: Cheti cha kuzaliwa kimepokelewa. Kando yake kuwe na kitufe cha kukibadilisha. Picha za maombi ambayo hayakukamilishwa zifutwe baada ya muda uliotangazwa, kwani Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hairuhusu taarifa za mtu kukaa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto ni taarifa nyeti, si kitu cha kusahaulika kwenye folda.

Ujumbe wa kosa ukae wapi na useme nini

Sasa fomu haifuti tena, lakini inabaki kumwambia shangazi kosa liko wapi. Tuseme aliruka tarakimu moja ya simu. Mstari wa juu unaosema Kuna kosa haumsaidii, kwani kwenye simu ndogo kisanduku chenyewe kiko mbali chini, na akikifikia hakitofautiani na vingine. Ujumbe unafaa kukaa penye kosa:

```html
<label for="simu">Nambari ya simu ya mzazi au mlezi</label>
<p id="simu-kosa">Nambari hii ina tarakimu 9. Inafaa kuwa na 10.</p>
<input id="simu" name="simu" type="tel" value="071200000"
  aria-invalid="true" aria-describedby="simu-kosa">
```

Ujumbe umewekwa juu ya kisanduku, kati yake na jina lake. Wengi huuweka chini, na kwenye kompyuta hakuna ubaya. Kwenye simu, kibodi ikifunguka inaweza kufunika kilicho chini ya kisanduku, na mwandishi akakosa kuona maelezo wakati ule ule anapojaribu kurekebisha. Sifa mbili za mwisho ni kwa ajili ya wasioona, wanaotumia programu ya kusoma skrini: zinaifanya programu itamke kwamba kisanduku kina kosa, kisha isome maelezo yake. Rangi nyekundu peke yake haitoshi. Kuna watu wasioitofautisha na kijani, na skrini nyingi za simu hufifia juani.

Maneno yenyewe ni kazi ya uandishi. “Nambari si sahihi” inamwacha mtu akiitazama nambari anayoifahamu kwa moyo, asione kasoro. “Nambari hii ina tarakimu 9” inamfanya ahesabu. Kwenye tarehe ya kuzaliwa, “Mwaka 2031 haujafika” ni bora kuliko “Tarehe batili”. Kwenye PIN ya KRA, ambayo ina herufi moja, tarakimu 9 na herufi moja ya mwisho, wengi huandika herufi O mahali pa sifuri. Ujumbe unaweza kulitaja kosa hilo waziwazi: Kati ya herufi ya kwanza na ya mwisho kuwe na tarakimu pekee. Angalia kama umeandika O badala ya 0.

Bora zaidi ni kosa ambalo halikufaa kuitwa kosa. Mtu mmoja huandika nambari yake ikianza na 07, mwingine na +254, mwingine huitenga kwa nafasi ili aisome vizuri. Zote ni sahihi. Programu iondoe nafasi na vistari, igeuze +254 au 254 ya mwanzo kuwa 0, ndipo ihesabu kama kuna tarakimu 10 zinazoanza na 07 au 01. Hiyo 01 isisahaulike: nambari hizo zilianza kutolewa mwaka 2019, lakini kuna fomu za zamani ambazo bado hukubali 07 pekee. Na kisanduku kikirudi, kionyeshe nambari kama mwenyewe alivyoiandika, nafasi zake zikiwemo, ili aitambue.

Hapa kuna mtego. Fundi akiihifadhi simu kama hesabu badala ya maandishi, 0 ya mwanzo inapotea, kwa sababu katika hesabu haina thamani. Shangazi aliyeandika tarakimu 10 anarudishiwa 9, kisha anaambiwa zimepungua. Atajilaumu mwenyewe. Simu, kitambulisho na nambari ya akaunti ya benki ni maandishi yaliyojaa tarakimu, hakuna anayezijumlisha.

Kukosoa mapema mno

Kuna fomu zinazokosea upande wa pili. Mtu akiandika 0 ya kwanza ya simu, tayari pametokea maandishi mekundu kwamba nambari ni fupi. Ni kweli ni fupi, kwani hajamaliza. Wanaoandika polepole ndio wanaoumia zaidi, maana wanakaa na maandishi mekundu kwa dakika nzima wakidhani wameharibu kitu.

Kipimo kinachofaa ni kungoja hadi mtu atoke kwenye kisanduku, ndipo fomu ikague na kusema. Baada ya ujumbe kutokea, utaratibu unageuka: sasa fomu ikague kila herufi inapoandikwa, ili ujumbe uondoke papo hapo nambari inapotimia. Kisanduku kilichorukwa kikiwa kitupu kisisemwe hadi mtu abonyeze Tuma, kwa sababu huenda amekiacha ili aulize mtu kwanza.

Vivinjari vina ukaguzi wao wa ndani, unaowashwa kwa neno `required`. Ni mwepesi kuuweka, lakini huonyesha kosa moja tu kwa wakati, katika kiputo kinachopotea baada ya muda mfupi, kwa lugha ya kivinjari ambayo mara nyingi ni Kiingereza. Fundi anayeandika ujumbe wake kwa Kiswahili huuzima kwa kuandika `novalidate` kwenye fomu na kutumia msimbo wake.

Ukaguzi wa kwenye kivinjari, hata hivyo, hauchukui nafasi ya ule wa seva. Mtu anaweza kuuzima, na mambo mengine kivinjari hakiwezi kuyajua, kwa mfano kama mwanafunzi huyo tayari ana ombi la mwaka huu. Jibu hilo lazima litoke kwa seva, na ndiyo maana kurudisha maandishi kunabaki kuwa kazi ya kwanza hata kwenye fomu yenye ukaguzi mzuri wa papo hapo.

Kitu kimoja hakirudishwi kwa makusudi, nacho ni nenosiri. Seva ikiliandika kwenye ukurasa unaorudi, linaweza kusomwa na mtu mwingine katika msimbo wa ukurasa huo. Liachwe tupu, na maneno kando yake yaseme: Andika nenosiri tena, mengine yamehifadhiwa. Kwa sababu hiyo hiyo, fundi asikimbilie kuhifadhi fomu nzima ndani ya kivinjari ili isipotee. Kwenye simu ya mtu binafsi njia hiyo inafaa. Kwenye kompyuta ya saiba, mteja anayefuata anaweza kufungua fomu na kukuta kitambulisho na habari za familia ya jirani yake.

Jinsi ya kuikagua fomu kabla ya kulipa

Anayeagiza fomu hahitaji kusoma msimbo. Afungue fomu kwa simu ya kawaida, si kompyuta ya fundi. Ajaze kila kisanduku, jina likiwa na Ng’, simu ikiwa na tarakimu 9, na maelezo yakiwa na aya 2 zenye nukuu ndani yake. Achague wadi. Kisha abonyeze Tuma na kutazama kilichorudi.

Jina liwe kamili. Aya ziwe mbili, na nukuu zake zionekane jinsi alivyoziandika. Kisanduku cha simu kiwe na nambari aliyoiandika, ujumbe ukiwa juu yake, na skrini iwe imempeleka hapo bila yeye kutafuta. Wadi itazamwe kwa makini, kwani orodha ya wadi mara nyingi hujazwa baada ya kuchagua kaunti ndogo. Fomu inaweza kuikumbuka kaunti ndogo na kuisahau wadi, na mwombaji asipogundua, ombi lake litaenda bila wadi au kwa wadi ya kwanza kwenye orodha.

Baada ya hapo arekebishe simu, apige picha 3 kwa kamera ya simu hiyo hiyo bila kuzipunguza, na atume tena. Fomu ikimwambia kwamba hakujaza jina, amwonyeshe fundi skrini hiyo na kumtajia `post_max_size`.

Jaribio hili linachukua takriban dakika 15. Lifanywe kabla ya siku ya kufungua maombi, na lirudiwe kila fomu inapoongezewa kisanduku, kwa kuwa kisanduku kipya ndicho husahauliwa kwenye orodha ya vinavyorudishwa.